Jahazi Ndani ya Pikseli 16

Ukifungua tovuti kwenye kompyuta, utaona kipicha kidogo kando ya jina lake, juu kwenye kichupo cha kivinjari. Kipicha hicho kilianza mwaka 1999 na kivinjari cha Microsoft, Internet Explorer 5. Mwenye tovuti aliweka faili liitwalo `favicon.ico` kwenye folda yake kuu, na kila msomaji aliyeihifadhi tovuti hiyo kwenye orodha ya vipendwa vyake aliiona ikoni hiyo ikitokea kando ya jina. Upana wake ulikuwa pikseli 16, na kimo chake vilevile 16. Mpaka leo, kwenye skrini nyingi za kawaida za ofisini, kipimo ni hicho hicho. Zidisha 16 kwa 16 upate pikseli 256. Nembo nzima ya kampuni, ile iliyochorwa kwa ajili ya bango la barabarani na kichwa cha barua, inatakiwa ijitambulishe kwa vigae 256 tu vya rangi.

Siku hizi kazi hiyo watu wengi huiagiza kwa zana za akili mnemba zinazochora picha kutokana na maneno. Mtu anaipakia nembo yake, anaandika sentensi moja, anapata picha nzuri inayong'aa, anaipunguza, na kwenye kichupo linatokea doa. Anajaribu tena kwa maneno mengine, na doa linabaki doa. Tatizo huwa limeanza kabla hajaandika neno la kwanza: hajaamua ni nini kinabaki na nini kinaachwa, na amemwachia mchoraji asiyejua picha itaonekana kwa ukubwa gani afanye uamuzi huo.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Kuna kampuni ndogo ya pwani inayowatembeza wageni kwa jahazi. Nembo yake ni duara. Ndani yake mna jahazi lenye tanga moja, mlingoti, foromali na kamba zake. Chini mna mistari mitatu ya mawimbi. Nyuma kuna jua lenye miale, na pembeni mnazi. Jina la kampuni limezunguka ukingo wa duara kwa herufi ndogo. Ubavuni mwa boti nembo hii inapendeza sana. Sasa mwenye kampuni anataka ikoni ya kichupo na ikoni ya programu ya simu.

Kwanza tufanye hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoongoza maelekezo yote. Zana nyingi za kuchora hutoa picha ya mraba yenye pikseli 1024 kila upande. Kuishusha mpaka 16 ni kuigawa kwa 64. Kila pikseli moja ya ikoni itabeba kipande cha picha kubwa chenye pikseli 64 kwa 64, yaani pikseli 4,096 zinazochanganywa na kutoa rangi moja ya wastani. Kamba ya jahazi yenye unene wa pikseli 20 kwenye picha kubwa itafunika chini ya theluthi moja ya upana wa kigae kimoja. Ikiwa ni nyeupe juu ya buluu, kigae hicho hakitakuwa cheupe. Kitakuwa buluu iliyopauka kidogo, na jicho halitakiona. Herufi za jina zenye kimo cha pikseli 60 hazifikii hata kigae kimoja, na mawimbi matatu membamba yanageuka ukungu. Miale ya jua inalifanya jua lionekane chafu ukingoni.

Kwa hiyo kipimo cha kushika kichwani ni 64. Chochote chembamba kuliko pikseli 64 kwenye picha ya 1024 hakipo kwenye ikoni ya 16. Hata chenye 64 kamili kiko mashakani, kwa sababu kinaweza kuangukia katikati ya vigae viwili badala ya kukaa ndani ya kimoja. Kwa sehemu zinazobeba sura ya ikoni, mimi hushikilia unene wa vigae viwili, ambao ni sehemu moja ya nane ya upana wote.

Ukiipitisha nembo ya jahazi kwenye kipimo hiki, jibu linakuja lenyewe. Jina linaondoka, mnazi unaondoka, kamba na miale zinaondoka. Mawimbi yanaondoka, na buluu ya usuli itafanya kazi ya bahari. Jua linaweza kubaki kama duara moja, lakini litagombea nafasi na tanga, na jua liko kwenye nembo za kampuni zisizohesabika. Kinachobaki ni tanga na mwili wa chombo, maumbo mawili. Google walifanya uamuzi wa namna hii kwenye nembo yao ya Septemba 2015. Jina lao zima halitoshei kwenye kichupo, hivyo waliichukua herufi G peke yake na kuivika rangi nne za jina hilo. Wenye nembo ya jina tupu bila picha wana njia hiyo: herufi moja nene, yenye tabia yake. Mwenye jahazi ana bahati zaidi, kwa sababu tanga la pembetatu ni umbo ambalo watu wa pwani hulitambua likiwa mbali kabisa baharini.

Ukiwa umeshaamua, ndipo uandike. Kwanza tuone maelekezo ambayo wengi huanza nayo: "Tengeneza ikoni ya kichupo ya pikseli 16 kwa 16 ya nembo hii ya jahazi, iwe rahisi na ya kisasa." Kila kipande cha sentensi hii kina mtego wake.

Ukitaja "pikseli 16 kwa 16", zana haipunguzi kipimo cha picha. Imefunzwa kwa picha nyingi za michezo ya zamani ya kompyuta, hivyo maneno hayo yanaifanya ichore mtindo wa vigae: jahazi lenye kingo za ngazi ngazi, ndani ya picha ileile ya 1024. Ukiikuza picha hiyo utaona vigae vyenyewe ni vya bandia. Vingine ni vipana kuliko vingine, vingine vimepinda, na hakuna gridi moja inayovipanga vyote. Ukiipunguza kweli hadi 16, vigae hivyo vya bandia haviendani na vigae vya kweli, na kila ukingo unaota ukungu.

Neno "ikoni" nalo lina kundi lake la picha kwenye mafunzo ya zana. Mara nyingi utaletewa karatasi yenye ikoni ishirini za aina moja, au kigae chenye pembe za mviringo kilichowekwa juu ya meza, kikiwa na kivuli na mng'ao. Neno "nembo" hualika maandishi, na utaona herufi zisizosomeka zikijitokeza chini ya jahazi bila kuombwa. "Rahisi" na "ya kisasa" ni maneno ya kusifia, na zana haiwezi kuyapima. Msanii mwenye mistari 40 anaweza kuiona kazi yake ni rahisi.

Mtego mkubwa kuliko yote umo kwenye neno "jahazi" lenyewe. Ukikitaja kitu kwa jina, zana inakuja nacho na ukoo wake wote: bahari, machweo, mnazi, abiria, mawimbi. Ndivyo jahazi lilivyo kwenye picha ilizofunzwa nazo. Kuongeza "bila mawimbi, bila mnazi" mara nyingi hakusaidii, maana umeyataja tena maneno yaleyale, na baadhi ya zana huyachukulia kama ombi. Dawa yake ni kueleza maumbo na kuyaacha majina ya vitu. Pembetatu haina mnazi pembeni yake.

Haya ndiyo maelekezo ambayo ningeyaandika kwa jahazi hili:

```
Alama moja tu, katikati ya mraba uliojazwa buluu nzito mpaka kingoni.
Alama ina maumbo mawili meupe, bapa, yaliyojazwa rangi kamili.
Juu: pembetatu kubwa. Ukingo wa kushoto umesimama wima, ukingo wa
chini umelala sawa, ukingo wa tatu ni mstari ulionyooka unaoshuka
kutoka juu kushoto hadi chini kulia kwa nyuzi 45.
Chini: umbo pana na fupi, juu bapa, ncha ya kulia imechongoka
na kutokeza kupita pembetatu.
Kati ya maumbo hayo pana ukanda mmoja wa buluu ulionyooka.
Kimo cha umbo la chini ni nusu ya kimo cha pembetatu.
Rangi mbili tu kwenye picha nzima.
```

Angalia kwamba vipimo nimevitoa kwa kulinganisha sehemu moja na nyingine. Zana hizi hazina rula. Ukiiambia "pengo liwe pikseli 64" itakupa 30 au 110, na hutajua kwa nini. Ikiambiwa kwamba umbo la chini ni nusu ya lile la juu, hukaribia zaidi. Hata hapo tegemea ukaribu, usitegemee usahihi. Usahihi utakuja baadaye kwa mkono.

Mraba uliojazwa rangi mpaka kingoni una sababu yake pia. Ukiomba usuli usioonekana, zana nyingine hukuchorea miraba ya kijivu na nyeupe, ile inayotumiwa kuonyesha uwazi kwenye programu za picha, ikadhani ndiyo uliyoitaka. Na hata ukipata uwazi wa kweli, tanga jeupe litapotea kwenye kichupo cheupe, na tanga la buluu nzito litapotea kwenye kivinjari kilichowekwa rangi za usiku. Mraba wa buluu unabeba bahari yake popote uendako.

Kuhusu kupakia nembo ya asili kama kielelezo, nina ushauri mmoja wa mkazo: usiipakie nzima. Ukiipakia nzima, zana itajitahidi kuwa mwaminifu kwa kila kilichomo, na mnazi utarudi kwa mlango wa nyuma. Ikate kwanza wewe mwenyewe, ubaki na jahazi tu. Bora zaidi, fungua programu yoyote ya kuchora, hata ya simu, upake pembetatu moja na umbo moja la chini kwa kidole, kwa ukubwa na mahali unapotaka, kisha upakie mchoro huo mbaya pamoja na maelekezo. Zana hufuata mpangilio wa madoa makubwa vizuri kuliko inavyofuata sentensi.

Picha zikija, usizichague zikiwa kubwa. Hili ndilo linalowaponza hata wachoraji wazoefu, kwa sababu picha ya 1024 inavutia kwa vitu ambavyo kwenye 16 havipo. Zishushe zote kwanza, kisha uzitazame. Mwenye programu ya ImageMagick anaweza kutumia amri hizi mbili:

```
magick jahazi.png -resize 16x16 ndogo.png
magick ndogo.png -scale 3200% kubwa.png
```

Amri ya kwanza inaipunguza picha mpaka kipimo cha kichupo. Ya pili inakikuza kila kigae mara 32 bila kukilainisha, ili uone nini hasa kimebaki. Asiyependa amri anaweza kubadilisha ukubwa kwenye programu yoyote ya picha. Picha ya `ndogo.png` itazame kwa ukubwa wake halisi, kwa umbali unaokaa ukifanya kazi. Ile ya `kubwa.png` itakueleza sababu ya ulichokiona.

Kwa jahazi letu kasoro ya kwanza kutokea huwa ni ya maana, si ya ukungu. Mwonyeshe ikoni mtu asiyeijua kampuni, usimwambie chochote, umuulize anaona nini. Akijibu "pezi la papa", usishangae. Pembetatu nyeupe iliyochomoza juu ya buluu, yenye ukingo uliopinda kidogo, ni pezi la papa kwa jicho la yeyote. Zana hupenda kuupinda ukingo wa tanga ili uonekane umejaa upepo. Kwenye picha kubwa hilo ni pambo zuri. Kwenye vigae 16 linaua jahazi. Ndiyo maana kwenye maelekezo nimesisitiza ukingo wa tatu uwe umenyooka. Ukingo huo ni foromali, boriti inayobeba tanga, ambayo kwenye jahazi hushuka kuelekea omo na kupanda juu kuelekea tezi. Foromali iliyonyooka, mwili wa chombo chini yake, na omo iliyotokeza mbele: hivyo vitatu ndivyo vinavyomfukuza papa.

Nyuzi 45 nazo si za urembo. Skrini imepangwa kwa safu na nguzo, kwa hiyo mstari wa mshazari lazima upande kwa ngazi. Mstari wa nyuzi 45 unapanda kigae kimoja kwa kila kigae unachosogea, na ngazi zake zinalingana kutoka mwanzo hadi mwisho. Wa nyuzi 38 au 52 una ngazi zisizolingana, hapa kigae kimoja, pale viwili, na jicho huusoma kama mstari uliovunjika.

Kasoro ya pili ni pengo. Ule ukanda wa buluu kati ya tanga na chombo ndio unaoyafanya maumbo mawili yasiwe donge moja, na ndio wa kwanza kupotea. Tuseme zana imetoa pengo lenye unene wa pikseli 64, sawasawa na kigae kimoja. Likikaa ndani ya safu moja ya vigae, utapata mstari wa buluu safi. Lakini tuseme limesogea chini kwa pikseli 32. Kwenye picha ya 1024 huo ni mwendo wa asilimia 3, na hakuna jicho litakalougundua. Sasa nusu ya pengo iko kwenye safu moja na nusu kwenye safu inayofuata. Safu zote mbili zinakuwa nusu nyeupe nusu buluu, yaani buluu hafifu, na mstari safi haupo tena. Tanga limegandana na chombo. Ukikutana na picha mbili zinazofanana kabisa zikiwa kubwa, kisha moja inasomeka kwenye kichupo na nyingine haisomeki, tafuta hapo kwanza.

Kasoro hii hairekebishiki kwa maneno. Unaweza kuandika "sogeza pengo juu kidogo" mara nyingi upendavyo. Zana itaichora upya picha nzima, pengo litasogea na tanga nalo litabadilika. Nikifika hapa mimi huiacha zana. Imeshafanya kazi yake, ambayo ni kunionyesha sura kadhaa za tanga na chombo ili nichague uwiano unaosomeka. Kumalizia ni kazi ya gridi. Susan Kare, aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alifanya kazi hiyo kwenye karatasi ya miraba, akijaza vyumba 32 kwa 32 kimoja kimoja, cheusi au cheupe. Njia yake bado haijapata mbadala kwenye vipimo hivi.

Kwa jahazi, gridi ya 16 inagawika vizuri kutoka juu kwenda chini: kigae 1 cha nafasi, 9 vya tanga, 1 cha pengo, 4 vya chombo, na 1 cha nafasi. Jumla 16. Ungeweza kuipitisha picha ya zana kwenye Inkscape, ambayo ina kipengele cha Trace Bitmap cha kugeuza picha kuwa mistari, lakini pembetatu ya kona tatu itakurudia na nukta kibao kwenye kingo zake, na hakuna hata moja iliyokaa juu ya gridi. Kwa maumbo mepesi kiasi hiki ni rahisi zaidi kuyaandika moja kwa moja kama faili la SVG:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 16 16">
  <rect width="16" height="16" fill="#0b2e59"/>
  <path d="M3 1 V10 H12 Z" fill="#fff"/>
  <path d="M1 11 H15 L12 15 H3 Z" fill="#fff"/>
</svg>
```

Msomaji asiyewahi kuandika msimbo anaweza kuusoma huu bila shida. Mstari wa pili ni mraba wa buluu. Wa tatu ni tanga: anzia nukta ya 3 kutoka kushoto na 1 kutoka juu, shuka wima hadi 10, nenda kulia hadi 12, rudi ulikoanzia. Tanga lina vigae 9 kwenda chini na 9 kwenda kulia, kwa hiyo ukingo wa tatu ni nyuzi 45 kamili. Wa nne ni chombo: kinaanzia 11 na kuishia 15, na omo yake iko kulia, imechongoka zaidi kuliko tezi. Kati ya 10 na 11 kuna safu moja kamili ya buluu. Namba zote ni nzima, na hiyo ndiyo siri ya ukali wake. Kwenye skrini za kisasa ambazo huonyesha pikseli 32 mahali pa 16, kila namba inazidishwa kwa 2 na bado inabaki nzima.

Ikoni ya programu ya simu ni kazi nyingine, na kosa la kawaida ni kulichukua faili hilihili na kulikuza. iPhone hutumia picha ya pikseli 180 kwa ukurasa unaobandikwa kwenye skrini ya mwanzo, na Android huomba za 192 na 512. Hapa nafasi ipo. Mlingoti unaweza kurudi, na hata wimbi moja nene. Ukirudi kwenye zana kwa ajili ya toleo hili, tumia ikoni uliyoimaliza kama kielelezo, uongeze kitu kimoja tu kwa kila ombi, ili ujue ni sentensi ipi iliyoharibu mambo yakiharibika.

Cha kuangalia zaidi ni kingo. Usiombe pembe za mviringo. iPhone huzikata yenyewe, na kama picha tayari ina pembe zake, utaona mkato juu ya mkato na vipembe vya rangi nyingine vikichungulia. Uwazi nao usiwepo kwenye picha ya iPhone, kwa sababu sehemu iliyo wazi hujazwa weusi. Android inakwenda mbali zaidi: simu moja huikata ikoni iwe duara, nyingine mraba wenye pembe laini, kwa hiyo kila kilicho muhimu kinatakiwa kikae ndani ya duara la katikati lenye kipenyo cha asilimia 80 ya upana wa picha.

Jahazi letu linashindwa mtihani huo, na inafaa kuona kwa kiasi gani. Kwenye gridi ya 16, duara hilo salama lina nusu kipenyo cha 6.4 kutoka katikati. Ncha ya tanga iko vipande 5 kushoto mwa katikati na 7 juu yake, na umbali wake wa moja kwa moja ni kama 8.6. Hata simu inayokata duara linalogusa kingo zote nne, lenye nusu kipenyo cha 8, italikata tanga ncha. Gawanya 6.4 kwa 8.6 upate karibu 0.74. Kwa ikoni ya Android, basi, alama nzima ipunguzwe mpaka asilimia 74 ya ukubwa wake, huku mraba wa buluu ukibaki umejaa mpaka kingoni. Kwenye kichupo alama hiyo iliyopunguzwa ingekuwa ndogo mno. Haya ni mafaili mawili tofauti, na kila moja lina mahali pake.

Kuyaweka kwenye tovuti hakuchukui muda. Faili la `favicon.ico`, linalobeba vipimo vya 16, 32 na 48 kwa pamoja, ni kwa ajili ya vivinjari vya zamani. SVG ni ya vivinjari vipya, na picha ya 180 ni ya iPhone:

```
<link rel="icon" href="/favicon.ico" sizes="32x32">
<link rel="icon" href="/jahazi.svg" type="image/svg+xml">
<link rel="apple-touch-icon" href="/jahazi-180.png">
```

Kisha fungua tovuti yako pamoja na nyingine kumi na tano, vichupo vibanane mpaka majina yasionekane, ulitafute jahazi lako kati ya ikoni za benki, barua pepe na magazeti. Badili kivinjari kiwe cha rangi za usiku, ulitafute tena. Kama bado unaiona ikoni ya zamani, usiguse mchoro: vivinjari huzihifadhi ikoni hizi kwa muda mrefu na havikimbilii kuziuliza upya. Lipe faili jina jipya, kwa mfano `jahazi-2.svg`, ulibadilishe na kwenye mstari wa pili hapo juu, na tanga jipya litatokea mara ukurasa utakapofunguliwa tena.